Siku tulivu inapodanganya kuliko siku ya msukosuko

Mtikisiko wa bei hauandikwi popote. Tunaona kwamba pauni ya Uingereza imeshuka kwa asilimia fulani dhidi ya dola, basi. Ule upana ambao bei ilikuwa na nafasi ya kuyumba ndani yake siku hiyo hauonekani, na namna ya kuutafuta ndiyo inayowagawa wachumi.

Mkabala unaotumika sana ni GARCH. Robert Engle alianzisha wazo lake mwaka 1982, na Tim Bollerslev akalipanua mwaka 1986. Variansi ya kesho, yaani mraba wa mtikisiko, hupatikana kwa kujumlisha kiasi kidogo cha kudumu, sehemu ya mraba wa badiliko la leo, na sehemu kubwa ya variansi ya leo. Tuseme mtikisiko wa leo ni asilimia 1, na bei inaanguka ghafla kwa asilimia 5. Kwa viwango vya kawaida hesabu ni hii:

0.02 + 0.08 × 25 + 0.90 × 1 = 2.92

Kipeuo chake cha pili ni takriban 1.7, na huo ndio mtikisiko wa kesho. Hakuna mjadala: ukishajua bei za hadi leo na viwango hivyo vitatu, variansi ya kesho inajulikana kabisa.

Modeli ya mtikisiko wa kubahatisha, ambayo Stephen Taylor aliiandikia katika miaka hiyohiyo ya 1980, haikubali uhakika huo. Humo logi ya variansi inatembea yenyewe siku hadi siku, na inasukumwa na bahati isiyotokana na badiliko la bei. Kwa hiyo anguko la asilimia 5 lina maelezo mawili. Huenda soko lilikuwa limechafuka tayari. Huenda pia lilikuwa shwari, ila siku yenyewe ilikuwa ya nuksi. Kupima maelezo hayo mawili kila siku, kwa kutumia bei tu, ndiyo kazi ya kichujio.

Mwaka 1994 Andrew Harvey, Esther Ruiz na Neil Shephard walionyesha njia rahisi, wakitumia bei za kila siku za sarafu dhidi ya dola, pauni ikiwemo, kuanzia Oktoba 1981 hadi Juni 1985. Chukua badiliko la bei, lipige mraba, kisha tafuta logi yake. Kuzidisha kunageuka kujumlisha, na unachobaki nacho ni logi ya variansi iliyofichika pamoja na kelele. Hapo kichujio cha Kalman, kinachojulikana tangu 1960, kinaweza kuingia kazini.

Tatizo liko kwenye kelele hiyo. Wastani wake ni −1.27, lakini haina umbo la kengele: upande wa kushoto ina mkia mrefu sana. Kalman hujua wastani na mtawanyiko tu, mkia haujui. Turudi kwenye mfano wetu, kichujio kikiamini kabla ya soko kufunguliwa kwamba mtikisiko uko karibu na asilimia 1, pengine kati ya 0.6 na 1.7. Bei ikianguka kwa asilimia 5, Kalman anaupandisha hadi 1.13 tu. Bei ikisogea kwa asilimia 0.01, siku ambayo karibu hakuna lililotokea, anaushusha hadi 0.81. Siku tulivu imemsukuma zaidi ya siku ya maafa! Sababu ni kwamba logi ya namba iliyo karibu na sifuri inazama chini mno, naye anaichukulia kama habari nzito.

Ukiifuata modeli yenyewe bila njia ya mkato, majibu yanakuwa takriban 1.7 na 0.93. Ndiyo maana ni busara kuchora logi za miraba kabla ya kuamini chochote: vidoti vikining'inia mbali chini ya vingine, ujue vinauvuta mstari wa makadirio.

Dawa moja ilitolewa mwaka 1998 na Kim, Shephard na Chib, walioiunda kelele ile upya kwa kuchanganya kengele saba. Nyingine ni kichujio cha chembe cha mwaka 1993. Maelfu ya makisio ya variansi yanatupwa, kila kisio linapewa uzito kulingana na lilivyoielezea bei ya leo, mazito yanarudufiwa na mepesi yanaachwa. Faida yake ni kwamba jibu linakuja na shaka yake. Baada ya lile anguko hakisemi 1.7 tu, bali pia kwamba ukweli unaweza kuwa popote kati ya 1.2 na 2.4 hivi.

Gharama ipo. GARCH hukadiriwa kufumba na kufumbua. Chembe zinakula muda, na katika siku ya ajabu uzito wote unaweza kulundikana kwenye chembe chache. Dalili yake ni rahisi kuiona: endesha hesabu mara mbili kwa bahati nasibu tofauti, majibu yakiachana sana, chembe hazitoshi. Anayetaka namba moja tu ya kesho, kwa maoni yangu, hana haja ya usumbufu huo, kwani katika mfano wetu GARCH nayo ilifika 1.7.