Punguzo la Idi Lisilo na Kificho

"PUNGUZO KUBWA LA IDI, HADI 50%!" Tangazo la namna hii halimwambii mnunuzi mengi. Hiyo nusu bei huenda ni ya kofia mbili zilizofifia, na kanzu zote zimepunguzwa kidogo tu.

Tuseme muuzaji wa Kariakoo alikuwa akiuza kanzu kwa shilingi 45,000, na sasa anataka 36,000. Aandike hivi: "Kanzu nyeupe za watu wazima. Bei ya kawaida Sh 45,000. Sasa Sh 36,000. Mwisho Jumamosi, 14 Machi 2026, saa 2 usiku."

Mtego mkubwa umo kwenye bei ya kawaida. Iwe ile ambayo wateja wamekuwa wakiilipa kweli majuma ya karibuni. Anayeipandisha hadi 60,000 wiki moja kabla ya mfungo, kisha akaikata kwa kalamu nyekundu na kuandika 45,000, hajapunguza hata senti. Aliyenunua mwezi uliopita anajua, na risiti anayo.

Wengine huandika "mpaka Idi". Lakini Idi hungoja mwezi uandame, na mfungo unaweza kuwa wa siku 29 au 30. Mteja atajuaje aje lini? Tarehe na saa humaliza ubishi. Kama kanzu zimebaki 40 tu, hilo nalo liandikwe. Asubuhi ya tarehe 15, bango lishushwe na bei irudi 45,000. Bango likibaki hapo hadi Mfungo Tatu, basi 36,000 ndiyo bei ya kawaida.