Kioo cha magharibi na ukubwa wa kiyoyozi

Mafundi wengi hupima sakafu, wakazidisha kwa BTU 600 kila mita ya mraba, kisha wakataja mashine ya kununua. Kwa ofisi ya mita 6 kwa 8 jijini Dar es Salaam, jibu linakaribia BTU 29,000 kwa saa. Hesabu hiyo haijauliza dirisha linatazama wapi, na hilo ndilo lenye uzito.

Tuseme ofisi hiyo ina watu 8, na ukuta wa magharibi una mita za mraba 8 za kioo cheupe kisicho na kivuli. Ghorofa ya juu yake nayo inapozwa, hivyo paa halihesabiki. Ndani tunataka nyuzi 24, nje ni 32. Saa ya kukadiria ni saa kumi alasiri, jua linapoingia moja kwa moja.

Mtu anayefanya kazi mezani hutoa takriban wati 130 za joto, pamoja na unyevu wa pumzi na jasho. Wote 8 ni wati 1,040. Kompyuta tumezikadiria wati 100 kila moja na printa wati 200, jumla 1,000. Usichukue namba ya kwenye kibandiko cha kompyuta: ile ni kikomo cha umeme, na matumizi ya kawaida huwa chini sana. Taa zinaongeza 400 na kuta 400. Hewa safi, lita 10 kwa sekunde kwa kila mtu, inabeba kama 3,000, kwa sababu hewa ya pwani ina unyevu mwingi wa kukaushwa.

Kioo peke yake kinaleta karibu wati 3,970, kuliko watu, kompyuta na taa kwa pamoja. Jumla ni wati 9,810. Ukiongeza asilimia 10 ya tahadhari unapata kama kilowati 10.8, sawa na BTU 36,800. Viyoyozi viwili vya BTU 18,000 vinakaribia sana.

Sasa weka kivuli nje ya dirisha, si pazia la ndani, maana joto likishapita kioo limeshaingia chumbani. Kioo kikishuka hadi wati 1,500, hitaji linakuwa BTU 27,500 hivi, na kiyoyozi cha 18,000 pamoja na cha 12,000 vinatosha.

Kununua kikubwa zaidi ili kujihakikishia ni hasara. Kiyoyozi cha kasi moja kilichozidi ukubwa hupoza haraka na kuzima kabla hakijakausha hewa. Dalili zake ni chumba chenye baridi ya kunata, karatasi zinazolegea na harufu ya ukungu. Jambo jingine: kiyoyozi cha kawaida cha ukutani huzungusha hewa ileile. Zile wati 3,000 zina maana tu ikiwa feni ya kuingiza hewa safi imewekwa kweli, kwa hiyo mwulize fundi iko wapi kabla hujalipa.