Moto Ndio Unaochagua Kikaango

Kwenye maduka ya vyombo ya Kariakoo, Dar es Salaam, vikaango vya aina mbili hupangwa rafu moja. Kimoja ni cheusi ndani, chepesi, na muuzaji atakuapia kwamba yai halishiki hata bila mafuta. Hicho ni cha nonstiki. Kingine kinang'aa kama kioo, ni kizito, na mara nyingi bei yake iko juu. Hicho ni cha stenlesi stili. Wanunuzi wengi hulinganisha bei na mng'aro, wakachagua, wakaondoka. Swali linaloamua kama kikaango kitadumu miaka kumi au miezi kumi haliulizwi: kitakaa juu ya moto gani, na kitapika nini?

Tuanze na kile cheusi. Weusi ule si chuma. Ni utando mwembamba wa aina ya plastiki iitwayo PTFE, ambayo wengi tunaijua kwa jina la biashara la Tefloni. Roy Plunkett, mkemia wa kampuni ya DuPont nchini Marekani, aliigundua kwa bahati mwaka 1938 alipokuwa akitafiti gesi za majokofu. Katika miaka ya 1950 Mfaransa Marc Grégoire alipata njia ya kuishikamanisha na alumini, na hapo ndipo vikaango vya Tefal vilipozaliwa. Sifa ya PTFE ni kwamba karibu hakuna kitu kinachoshikana nayo. Yai linateleza, samaki hachubuki, na kuosha ni suala la sifongo laini na sabuni kidogo.

Udhaifu wake ni joto. Utando huo huanza kuharibika ukipita kiasi cha nyuzi joto 260, na ukipita 350 huvunjika kwa kasi na kutoa moshi wenye sumu. Mtu akiuvuta anaweza, saa chache baadaye, kupata homa, baridi na kubanwa kifua, hali inayofanana na mafua na ambayo kwa kawaida huisha baada ya siku moja au mbili. Ndege wa kufugwa hawana bahati hiyo: kasuku aliye kwenye tundu karibu na jiko anaweza kufa kwa moshi huohuo. Anayefuga ndege ndani ya nyumba ana sababu ya kutosha ya kukiacha dukani.

Je, jikoni tunafika nyuzi 260? Inategemea kilichomo ndani ya kikaango. Chakula chenye maji mengi, kama mchuzi au mboga, hakipandi mbali na nyuzi 100 mpaka maji yakauke, kwa hiyo utando uko salama. Kikaango kitupu ni habari nyingine. Kikiwa juu ya moto mkali wa gesi, kinaweza kupita kikomo hicho ndani ya dakika chache tu, muda wa kumfungulia mgeni mlango na kumsalimia. Mafuta yanaweza kukusaidia kupima. Mafuta ya alizeti yaliyosafishwa kiwandani huanza kufuka moshi kwenye nyuzi 230 hivi. Ukiona moshi kwenye kikaango cha nonstiki, umebakiza hatua chache kufika kikomo, kwa hiyo punguza moto mara moja.

Hapo ndipo jiko la mkaa linapojitenga na jiko la gesi. Makaa yaliyokolea yana joto la mamia ya nyuzi, na hakuna swichi ya kulipunguza. Upande mmoja wa kikaango hupata joto kali kuliko mwingine, na mpishi hawezi kujua. Kwa sababu hiyo kikaango cha nonstiki hakifai mkaa, hata kama sanduku lake lina picha ya moto. Hakifai pia kwa chapati za familia kubwa, ambapo chombo hukaa motoni muda mrefu na hubaki kitupu kila chapati moja inapotoka na nyingine kusubiri kusukumwa. Chapati ziachie kikaango kizito cha chuma.

Kuna hofu nyingine inayosikika mara kwa mara, kwamba chembe nyeusi zinazobanduka husababisha saratani. PTFE yenyewe ukiimeza hupita tumboni bila kumeng'enywa na hutoka ilivyoingia. Lawama kubwa iliangukia kemikali nyingine, PFOA, iliyotumika viwandani wakati wa kutengeneza utando huo. Kemikali hiyo hudumu mwilini na kwenye mazingira kwa miaka mingi. Kampuni kubwa za Marekani ziliiacha kufikia mwaka 2015, na mwaka 2019 iliingizwa kwenye Mkataba wa Stockholm unaodhibiti kemikali sugu. Kwa hiyo ukinunua, chagua chombo chenye maelezo ya mtengenezaji yanayosema hakina PFOA, na ukikwepe kisicho na jina wala maelezo yoyote. Utando ukianza kubanduka, kikaango kimekwisha kazi. Chakula kitashika palipobanduka, na huwezi kuurudisha nyumbani.

Sasa tuje kwenye stenlesi. Hiki ni chuma kilichochanganywa na kromiamu na, mara nyingi, nikeli. Maandishi 18/10 chini ya chombo yana maana ya asilimia 18 ya kromiamu na asilimia 10 ya nikeli. Kromiamu hukutana na hewa na kutengeneza ngozi nyembamba isiyoonekana inayozuia kutu. Ukiikwaruza, inajitengeneza tena yenyewe. Ndiyo maana unaweza kukisugua, kukitia ukwaju, ndimu na nyanya, na kukitumia miaka mingi. Hakina utando wa kuungua.

Stenlesi ina kasoro mbili. Ya kwanza ni kwamba husambaza joto vibaya, mara kumi na zaidi chini ya alumini. Kikaango chembamba cha stenlesi tupu huungua katikati huku pembeni chakula kikiwa kibichi. Watengenezaji wazuri hulitatua hilo kwa kufungia bapa nene la alumini ndani ya kitako. Kabla ya kulipa, kigeuze utazame: kitako chenye bapa hilo ni kinene kuliko kuta, na chombo ni kizito mkononi. Kama kitako na ukuta vina unene mmoja na chombo ni chepesi, kiache, hata kikiwa kinang'aa kuliko vyote dukani.

Kasoro ya pili ndiyo inayowakimbiza watu: chakula hushika. Lakini kushika kuna sababu, na sababu ikijulikana inazuilika. Protini ya samaki, nyama au yai ikigusa chuma ambacho hakijapata moto wa kutosha hujishikamanisha nacho. Maji yaliyo juu ya chakula huzidisha tatizo, maana hupoza chuma kabla ganda la kahawia halijafanyika.

Tuchukue samaki aina ya changu kwa chakula cha jioni, kwenye jiko la gesi. Baada ya kumtia chumvi na ndimu, mfute kwa kitambaa safi mpaka ngozi yake iwe kavu kabisa. Weka kikaango kitupu kwenye moto wa wastani kwa dakika mbili au tatu, kisha dondoshea matone machache ya maji. Yakitandaa na kuchemka palepale, bado. Yakijikusanya kuwa shanga zinazokimbia huku na huku juu ya chuma, joto limefika karibu nyuzi 200. Futa maji hayo, mimina mafuta vijiko vitatu vya chakula, na subiri yaanze kutembea kwa mawimbi membamba. Yakitoa moshi, moto umezidi. Sasa mlaze samaki, kisha usimguse.

Hapa ndipo wengi hukosea. Dakika ya kwanza samaki atashika, na anayemgeuza wakati huo atabaki na ngozi kikaangoni na nyama mwikoni. Baada ya dakika tatu au nne ganda la kahawia litakuwa limekamilika, na samaki ataachia mwenyewe. Jaribu kumwinua upande mmoja kwa mwiko bapa: akikataa, mwongeze dakika moja. Akiinuka kwa wepesi, mgeuze.

Ukimtoa samaki, utaona kitako kimebakiwa na madoa ya kahawia. Usiyaoshe, yana ladha nyingi. Punguza moto, tia kitunguu, kisha nyanya, na ukwangue kwa mwiko wa mbao wakati maji ya nyanya yanayeyusha madoa hayo. Ongeza tui, na mchuzi wako umeanzia kwenye samaki mwenyewe. Kikaango cha nonstiki hakiwezi kukupa hili, kwa sababu hakuna kinachoshika kitako chake, na kitu kisichoshika hakiachi msingi wa mchuzi.

Matunzo ya stenlesi ni machache. Chumvi usiitie kwenye maji baridi, kwa kuwa hutulia chini na kuchimba vitundu vidogo visivyotoka. Itie maji yakishachemka, kisha koroga. Madoa meupe ya maji ya kisima na rangi za upinde wa mvua zinazotokana na joto hutoka kwa siki au ndimu. Kilichoungua, chemsha kwa maji na kijiko cha magadi soda, halafu sugua. Mwenye mzio wa nikeli ajue kwamba nyanya zikichemshwa saa nyingi hutoa kiasi kidogo cha nikeli, hasa chombo kikiwa kipya. Huyo atafute chombo kisicho na nikeli, kilichoandikwa 18/0.

Je, stenlesi basi itoshe kwa kila kitu? Yai linakataa. Mayai ya kukaanga hutaka moto mdogo, na moto mdogo ndio hasa unaofanya protini ishike kwenye chuma. Mzoefu anaweza kulipika kwenye stenlesi kwa mafuta mengi na subira, lakini asubuhi ya shule, watoto watatu wakisubiri, nonstiki haina mpinzani. Moto mdogo, mafuta kijiko kimoja, mwiko wa mbao, dakika tatu, na hakuna kinachofika karibu na nyuzi 260. Kazi hiyo ndiyo inayoufaa utando ule. Ukimaliza, kiache kipoe kabla ya kukitia maji, kisha kioshe kwa sifongo laini bila waya, na usipange vyombo vingine juu yake bila kitambaa katikati.

Kwa familia ya watu sita yenye jiko la gesi la plati mbili na jiko la mkaa uani, ushauri wangu ni huu. Fedha nyingi iende kwenye kikaango kimoja cha stenlesi chenye kitako kinene, upana wa sentimita 28, kwa samaki, nyama, mboga na mchuzi, kwenye gesi na hata kwenye mkaa, ilimradi mpini wake ni wa chuma na hauna plastiki ya kuyeyuka. Fedha kidogo iende kwenye kikaango kidogo cha nonstiki, sentimita 20, kwa mayai na chapati za maji, kwenye gesi tu. Hesabu mapema kwamba hicho kidogo utakibadilisha baada ya miaka michache, hata ukikitunza. Kama fedha inatosha chombo kimoja tu, angalia jiko lako. Anayepikia mkaa anunue stenlesi, na mayai ayakaange kwa mafuta ya kutosha.