Zawadi za kumbukumbu ya mwaka wa kwanza wa marehemu

Zawadi za kumbukumbu ni vitu, fedha au kazi ambavyo ndugu, majirani na marafiki huipa familia ya marehemu karibu na siku ya kutimia mwaka mmoja tangu kifo. Ni tofauti na rambirambi, ambazo hutolewa wakati wa msiba na kwa sehemu kubwa huishia kwenye jeneza, usafiri na chakula cha waombolezaji. Zawadi za mwaka huja wakati watu wamekwisha kutawanyika, na mahitaji ya familia wakati huo ni mengine.

Makala hii inahusu hasa vijiji kama vya kata ya Itiryo, katika Wilaya ya Tarime, mkoa wa Mara. Wakazi wengi wa eneo hilo ni Wakuria, ambao wanaishi pia Wilaya ya Serengeti na ng'ambo ya mpaka, nchini Kenya. Desturi yenyewe haiko kwao tu. Sehemu nyingi za Tanzania zinayo.

Kaburi

Vijijini marehemu kwa kawaida huzikwa kwenye eneo la nyumbani, hivyo kaburi liko machoni pa familia kila siku. Wengi hungoja miezi kadhaa, mara nyingi mwaka, kabla ya kulijengea. Sababu mojawapo ni udongo: ule uliofukuliwa na kurudishwa hushuka polepole, hasa baada ya mvua, na zege lililomwagwa mapema huweza kupasuka au kuinama upande mmoja. Kwa hiyo saruji ni zawadi inayofaa sana, ingawa haionekani kuwa ya heshima kama mbuzi.

Tuchukue mfano wa kaburi la kawaida. Zege la juu lenye urefu wa mita 2, upana wa mita 1 na unene wa sentimita 10 ni mita za ujazo 0.2. Kwa mchanganyiko wa ndoo 1 ya saruji, 2 za mchanga na 4 za kokoto, hilo huhitaji takriban kilo 65 za saruji, yaani mfuko mmoja na robo. Ukiongeza kuta fupi za pembeni na lipu, mifuko 3 au 4 ya kilo 50 hutosha. Ndugu wawili wakileta mifuko miwili kila mmoja, wa tatu akalipa fundi na majirani wakasomba mchanga, kazi imekwisha. Ifanyike wiki mbili hivi kabla ya siku ya kumbukumbu, kwa kuwa zege linahitaji kumwagiwa maji kwa siku 7 hivi.

Kosa la kawaida ni kuleta saruji mapema mno. Ikikaa miezi mitatu au zaidi, hasa sakafuni penye unyevu, hupungua nguvu. Ukikuta mabonge yasiyovunjika kwa vidole, mfuko huo usitumike kwa zege.

Dini ya familia

Katika familia ya Kikatoliki mtu anaweza kutoa nia ya Misa kwa ajili ya marehemu, na Waislamu husoma hitima na kutoa sadaka. Waadventista Wasabato, ambao ni wengi mkoani Mara, hawaombei wafu. Kwao siku hiyo ni ya kumshukuru Mungu na kuwafariji walio hai. Anayewapelekea bahasha ya "kumwombea marehemu" huwaweka katika hali ngumu, lakini mchele, sukari au maharage kwa ajili ya wageni hupokewa na wote.

Nani anapokea

Hapa ndipo ugomvi huzuka. Ukoo wa Wakuria hufuata upande wa baba, na wazee wa upande wa mume wana sauti kubwa katika shughuli za mji wa marehemu. Fedha iliyowekwa kwenye kapu la pamoja hutumika kwa shughuli ya siku ile, na mjane huenda asibaki na chochote. Zawadi aliyopewa mjane baada ya kifo haikuwa mali ya marehemu, basi haingii katika mirathi. Lakini hoja hiyo haina nguvu ikiwa hakuna aliyesikia imetolewa kwa nani. Mtoaji hutaja wazi anayepewa, mwandishi wa daftari la michango akaandika: "sare na daftari za watoto, kwa mama yao". Ada ya shule za sekondari za serikali imefutwa, ya kidato cha 1 hadi cha 4 mwaka 2016 na ya kidato cha 5 na 6 mwaka 2022, lakini sare na daftari bado hununuliwa na mzazi.

Daftari hilo lina kazi nyingine pia. Familia hulihifadhi, na mtoaji atakapopatwa na msiba hulifungua ili kujua wanadaiwa nini.