Runinga ya 4K, Mbona Picha Ina Ukungu?

Mtu ananunua runinga ya inchi 55 iliyoandikwa 4K, anafungua mechi mtandaoni, na nyasi za uwanja zinaonekana kama zulia la kijani. Skrini ni nzima. Picha imepungua ukali kabla ya kuifikia.

Ikiwa video yenyewe ni ya 4K, ukali unapotelea wapi?

4K ni idadi ya vitone tu: 3840 kwa 2160, karibu milioni 8.3. Ukali hutegemea pia bitireti, yaani kiasi cha data kinachotumwa kila sekunde kuchora vitone hivyo. Filamu ya fremu 24 kwa sekunde, bila kubanwa, ingehitaji takriban megabiti 4,800 kila sekunde. Netflix hushauri intaneti ya megabiti 15 kwa 4K. Ili ipite hapo, video hubanwa zaidi ya mara 300, na vinavyofutwa kwanza ni vitu vidogo vinavyotikisika: nyasi, mvua, mawimbi. Uso wa mtangazaji aliyetulia hubaki safi. Diski ya Ultra HD Blu-ray inaweza kufika megabiti 128, ndiyo maana filamu ileile huonekana kali zaidi ikichezwa kwa diski.

Intaneti ina kasi ya kutosha, lakini hali ni ileile. Kwa nini?

Huenda app ndiyo inayozuia. Kwenye Netflix, 4K hupatikana kwa kifurushi cha juu pekee. Isitoshe, visanduku vingi vya bei nafuu vya Android vina kinga ya hakimiliki ya Widevine L3, na navyo Netflix haitoi hata HD. Kisanduku kinaweza kuandika 2160p kwenye mipangilio yake huku kikipokea picha ndogo na kuitanua tu.

Kwenye YouTube ukweli unaonekana wazi. Video ikiendelea, fungua mipangilio, chagua `Stats for nerds`, kisha usome `Current / Optimal Res`. Namba ya kwanza ikiwa `1920x1080`, hiyo si 4K, hata kama jina la video linasema hivyo.

Je, kebo mpya ya HDMI itasaidia?

Mara nyingi hapana. HDMI hubeba data ya kidijitali, kwa hiyo kebo mbovu haileti ukungu. Huleta vimulimuli, au skrini kuzima na kuwaka. Hata hivyo, kifaa kikishindwa kuelewana na runinga, kinaweza kushuka chenyewe hadi 1080p. Hutokea pale tundu la HDMI, au redio ya sebuleni iliyo katikati, isipokuwa na HDCP 2.2. Jaribu tundu jingine, au unganisha kisanduku na runinga moja kwa moja.

Kwa hiyo anza kwa kusoma namba ya `Current`, kisha kagua kifurushi na kisanduku. Pesa ya kebo iwe ya mwisho kutoka mfukoni.