Sikio Linalotoa Usaha Halitaki Mafuta

Kijiko cha mafuta ya nazi yaliyopashwa juu ya jiko la mkaa, kisha matone mawili matatu sikioni. Katika nyumba nyingi hiyo ndiyo huduma ya kwanza mtoto akilia sikio, na anayeitoa mara nyingi ni bibi, kwa mapenzi yote, kama alivyofanyiwa yeye na mama yake. Wengine hutumia mafuta ya alizeti, maji ya kitunguu saumu, maziwa ya mama, maji ya majani yaliyopondwa, au unga wa kapsuli uliomwagwa moja kwa moja kwenye tundu la sikio. Sikio likishaanza kutoa usaha, vyote hivi vinadhuru. Kinachotakiwa ni kulikausha, na kazi hiyo kwa sehemu kubwa inafanywa nyumbani kwa mkono wa mlezi.

Tumchukue mtoto wa miaka mitatu ambaye amekuwa na mafua kwa siku kadhaa. Usiku mmoja anapata homa, anashika sikio la kulia na kulia hadi alfajiri. Asubuhi mama anakuta doa la njano kwenye mto, na majimaji mazito yanatiririka sikioni. Lakini mtoto ametulia, anacheza, na ameomba uji. Mama anashusha pumzi akidhani ugonjwa umeisha, na hapo ndipo wengi wanapokosea.

Nyuma ya pua kuna mrija mwembamba unaounganisha koo na sehemu ya ndani ya sikio, ile iliyo nyuma ya ngoma. Kwa mtoto mdogo mrija huo ni mfupi na umelala zaidi kuliko wa mtu mzima, hivyo vijidudu vya mafua hupita kwa urahisi. Mrija ukivimba na kuziba, majimaji hujikusanya nyuma ya ngoma na kugeuka usaha. Usaha unaisukuma ngoma ya sikio, na hayo ndiyo maumivu ya usiku. Ngoma ikizidiwa inatoboka, usaha unapata njia, maumivu yanapungua. Kwa hiyo utulivu wa asubuhi unamaanisha kwamba presha imeshuka. Maambukizi bado yapo, na sasa ngoma ina tundu.

Tundu hilo ndilo linalofanya mafuta yawe hatari. Chochote kinachomwagwa sikioni sasa kinaweza kupenya hadi sehemu ya ndani ambayo kwa kawaida haifikiwi na kitu kutoka nje. Mafuta ya jikoni yana vijidudu, yanashika uchafu, na yanaacha utando unaozuia unyevunyevu usikauke. Yakiwa ya moto yanaunguza. Tena yanamficha mhudumu wa afya hali halisi ya sikio, kwa sababu akichungulia kwa kifaa chake anaona mafuta badala ya ngoma. Hata baadhi ya matone ya dukani si salama: matone ya jentamaisini, kwa mfano, yakipita kwenye ngoma iliyotoboka yanaweza kudhuru usikivu. Ndiyo maana usimnunulie mtoto matone kwa kukisia, wala usimpe yaliyobaki ya mtoto wa jirani.

Mama huyu anampeleka mtoto zahanati siku hiyohiyo, na ndivyo inavyotakiwa. Kwa kuwa usaha umeanza leo, mhudumu anayafuata matibabu ya maambukizi mapya: dawa ya kunywa, kwa kawaida amoksilini kwa siku 5, na parasetamoli ya maumivu na homa kulingana na uzito wa mtoto. Mtoto asipewe aspirini. Kisha mhudumu anamwonyesha mama jinsi ya kukausha sikio kwa utambi, na kabla hajaondoka anamwambia, “Mama, hebu nifanyie wewe sasa nikuone.” Ni ombi la maana, kwa sababu utambi ukitengenezwa vibaya hautoi kitu.

Utambi unatengenezwa kwa kitambaa safi cha pamba kinachonyonya maji, kama kipande cha kanga kuukuu iliyofuliwa na kuanikwa juani, au kwa tishu laini isiyochanika upesi. Kitambaa kipya chenye wanga hakifai kwa kuwa hakinyonyi. Nawa mikono kwa sabuni. Kata kipande kidogo, shika pembe moja, uisokote kati ya vidole hadi upate ncha iliyochongoka, iliyokaza kiasi, huku sehemu ya nyuma ikibaki nene na ndefu ya kutosha kushikwa. Usitumie njiti ya kiberiti, unyoya wa kuku, pini wala vijiti vya pamba. Vijiti hivyo vinausukuma usaha ndani na vinaweza kuongeza jeraha la ngoma.

Mpakate mtoto, kichwa chake kikiwa kimeegemea kifuani kwako na sikio linalotoa usaha likikuelekea. Futa kwanza usaha ulio nje. Vuta sikio taratibu kuelekea nyuma ili njia yake inyooke, kisha ingiza ncha ya utambi polepole mpaka ikae. Usiilazimishe. Iache kwa muda wa dakika moja hivi inyonye, halafu itoe uitazame. Ikiwa imelowa, itupe na uweke nyingine mpya. Rudia hivyo hadi utambi utoke mkavu. Mara ya kwanza unaweza kutumia tambi tano au sita. Siku zinavyokwenda zitapungua, na kupungua huko ndiko kunakuonyesha kwamba sikio linapona. Fanya hivyo angalau mara 3 kwa siku, na unawe mikono tena ukimaliza.

Jambo moja hufanyika kwa nia njema likaharibu kazi yote: kuacha pamba sikioni ili usaha usichafue nguo. Pamba hiyo inauzuia usaha usitoke, na sikio linabaki joto na majimaji mchana kutwa, mazingira ambayo vijidudu vinayapenda. Baada ya kukausha, acha sikio wazi lipate hewa. Nguo zitafuliwa.

Ikiwa umepewa matone, yaweke baada ya kukausha tu. Usaha ukiwa bado umejaa, dawa inaelea juu yake na haifiki kwenye kidonda. Shika chupa kiganjani kwa dakika chache ipate joto la mwili, maana matone ya baridi humpa mtoto kizunguzungu. Mlaze kwa ubavu, weka idadi ya matone uliyoelekezwa, kisha bonyeza mara kadhaa kile kinyama kidogo kilicho mbele ya tundu la sikio ili dawa ishuke. Abaki amelala kwa dakika kama tano. Wakati huo msimulie hadithi, la sivyo atanyanyuka na dawa yote imwagike shingoni.

Upande wa maji, kanuni ni fupi: yasiingie. Baharini, mtoni na bwawani asiende mpaka mhudumu aseme ngoma imeziba. Wakati wa kuoga, usimmwagie maji kichwani kwa kopo. Mwogeshe mwili, kisha kichwa ukifute kwa kitambaa kilicholowekwa na kukamuliwa. Ukilazimika kumwosha nywele, tengeneza donge la pamba, ulipake mafuta mazito ya mgando kwa nje ili lisipitishe maji, uliweke mlangoni mwa sikio bila kulisukuma ndani, na ulitoe mara tu akimaliza kuoga. Mafuta hayo yanabaki juu ya pamba, hayaingii sikioni. Kulisafisha sikio kwa bomba la sindano na maji, au kwa dawa ya povu ya kusafishia vidonda, usifanye nyumbani.

Kwa mtoto wetu wa miaka mitatu, mambo yakienda vizuri usaha unapungua ndani ya siku chache, na ngoma yenyewe hujiziba katika wiki chache zinazofuata. Lakini hesabu siku. Usaha ukifika siku 14 bado unatoka, ugonjwa unahesabiwa kuwa sugu na matibabu yanabadilika. Dawa ya kunywa peke yake haitasaidia sana. Kinachotegemewa ni kukausha kwa utambi na matone ya jamii ya siprofloksasini kwa wiki 2. Hapo ndipo wazazi wengi wanapokata tamaa, kwa kuwa mtoto haumwi, anakula, anakwenda shule. Wanasema ataacha akikua. Wakati huo usikivu unapungua kidogo kidogo. Dalili zake utaziona nyumbani kabla ya shuleni: anaongeza sauti ya redio, haitiki ukimwita kutoka chumba kingine, maneno yake hayaongezeki kama ya wenzake. Usaha sugu unaorudi rudi au usiokubali dawa unahitaji daktari wa masikio, pua na koo, hasa ukiwa na harufu kali ya kuoza, kwa sababu unaweza kuashiria uvimbe wa ngozi unaokula mifupa ya ndani ya sikio. Mhudumu anaweza pia kushauri mtoto apimwe VVU au kifua kikuu, na ushauri huo ufuatwe.

Kuna hali ambazo hazisubiri kesho. Pitisha vidole nyuma ya sikio kila unapokausha. Ukikuta uvimbe unaouma, wekundu, au sikio limesukumwa mbele kuliko la pili, usaha umeingia kwenye mfupa na mtoto anahitaji hospitali mara moja. Mkimbize pia akiwa na kichwa kinachouma sana, shingo iliyokakamaa, degedege, usingizi usio wa kawaida, au akitapika kila kitu na kushindwa kunywa au kunyonya. Uso ukipinda upande mmoja, jicho likikataa kufumba, au akianza kuyumba anapotembea, ni safari ya leo. Homa isiyoshuka baada ya siku 2 za dawa nayo ni sababu ya kurudi upesi. Mtoto wa chini ya miezi 2 mwenye usaha sikioni apelekwe bila kusubiri dalili nyingine yoyote. Na majimaji au damu inayotoka sikioni baada ya kuanguka au kupigwa kichwani ni jambo jingine kabisa: usiweke utambi wala tone, mpeleke hospitali.

Bibi akisisitiza mafuta, mpe kazi nyingine: asokote tambi. Mikono yake ina subira kuliko yetu, na mtoto hutulia zaidi akipakatwa naye. Dawa ya kunywa imalizwe hata kama usaha umekata siku ya tatu. Siku ya tano mrudishe mtoto zahanati, hata sikio likiwa limekauka, kwa sababu ni mhudumu mwenye kifaa cha kuchungulia anayeweza kuiona ngoma.