Saa ya Mazoezi Inapokosea Mapigo ya Moyo

Taa za kijani zilizo chini ya saa ya mazoezi humulika ngozi, na kando yake kuna kihisi kinachopima mwanga unaorudi. Damu hufyonza mwanga wa kijani. Kila moyo unapopiga, damu huongezeka kidogo katika mishipa midogo ya ngozi na mwanga unaorudi hupungua. Saa huhesabu kupanda na kushuka huko. Mabadiliko yenyewe ni madogo mno, mara nyingi asilimia chache tu za mwanga wote unaorudi, ndiyo maana jambo dogo hutosha kuyafunika.

Adui mkubwa ni mtikisiko. Mkanda ukilegea, saa huruka kwa kila hatua, mwanga wa jua hupenya pembeni, na damu nayo huchezacheza kwa mwendo wa mkono. Tuseme mtu anakimbia polepole kwa hatua 160 kwa dakika huku moyo ukipiga mara 135. Saa inaweza kushika mdundo wa miguu na kuonyesha 160, na mkimbiaji akapunguza mwendo bila sababu. Kosa hili hujulikana akisimama ghafla: mapigo ya kweli hushuka taratibu, ilhali namba iliyofuata hatua huanguka mara moja au huyumba. Uhakika zaidi hupatikana kwa kuweka vidole viwili shingoni, kuhesabu mapigo kwa sekunde 15, kisha kuzidisha kwa 4.

Kukaza kupita kiasi si dawa. Mkanda unaobana hukamua damu kutoka kwenye ngozi, na kihisi hukosa cha kupima. Ganzi na alama nzito ya mkanda ni dalili zake. Kipimo kizuri ni saa isiyoteleza mkono ukitikiswa, wala isiyoumiza.

Saa ikikaa juu ya mfupa uliochomoza kwenye kifundo, huinuka upande mmoja. Isogezwe kuelekea kiwiko, upana wa kidole kimoja, au viwili hadi vitatu wakati wa mazoezi. Hapo nyama ni nyingi zaidi, na kifundo kinapokunjwa, kama anavyofanya mwendesha baiskeli au mnyanyua vyuma, saa haisukumwi.

Jasho halizuii mwanga sana, lakini hufanya saa iteleze. Kufuta ngozi na kioo cha chini katikati ya mazoezi husaidia, hasa kwenye joto la pwani.

Tatuu ni tatizo gumu zaidi, kwa kuwa wino uliojaa hufyonza mwanga kabla haujafika kwenye damu. Saa huonyesha namba za ajabu, hukaa bila namba, au hujifunga ikidhani imevuliwa. Kukaza mkanda hakuondoi wino. Suluhisho ni kuhamishia saa mkono usio na tatuu, au kutumia mkanda wa kifuani, ambao hupima umeme wa moyo na hauhitaji mwanga.